Dondoo muhimu: Kukuza picha bila kupoteza sura ya mtu

Picha ya uso ikuzwe kwanza kwa programu ya GAN kama Real-ESRGAN. Hiyo haichezi mbali na picha iliyopo, hivyo ndugu wa mwenye picha bado watamtambua. Ngozi ikitoka laini kama plastiki, picha ya awali ichanganywe juu yake kwa asilimia 30 hivi.

Programu za difyusheni, tofauti na GAN, hubuni. Usoni hilo ni hatari: kovu hufutika, kope huongezeka.

Kwenye picha za mandhari kubuni huko ni faida, maana majani ambayo GAN huyageuza kuwa michirizi ya rangi hurudi kuwa majani. Katika Stable Diffusion, Denoising strength ianzie 0.2 hadi 0.3. Nyumba isiyokuwapo ikichomoza mlimani, kipimo hicho kishushwe.