SOMO: Kulipa Sehemu ya Ankara Tusiyoibishia

Ndugu wanakamati, katika ujenzi wetu wa Chala tulipokea kutoka kwa muuzaji mmoja wa Sumbawanga ankara ya shilingi 4,300,000. Ilidai mifuko 200 ya saruji kwa shilingi 20,000 kila mfuko, na usafiri shilingi 300,000. Lakini mifuko 18 ilikuwa imelowa njiani na kuganda mabonge yasiyovunjika kwa vidole, na usafiri tulikuwa tumekubaliana shilingi 200,000.

Baadhi yetu walisema tusilipe hata senti. Hilo lingetuweka sisi kwenye kosa, kwa kuwa mifuko 182 ilikuwa mizima na deni lake ni halali. Wengine walisema tulipe yote, tulalamike baadaye. Anayelipa yote bila neno huonekana amekubali ankara, na kurudishiwa fedha ni kazi ngumu.

Kwa hiyo tulitenganisha hesabu. Mifuko 182 ni shilingi 3,640,000. Tukiongeza usafiri wa 200,000, tusichobishia ni 3,840,000. Kinachobishaniwa ni 360,000 ya mifuko mibovu na 100,000 ya usafiri, yaani 460,000.

Ulinzi wetu ulianza siku ya kupokea mzigo. Kabla ya kutia sahihi, mtunza stoo aliandika kwenye hati ya kupokelea: "Mifuko 18 imeganda, haikukubaliwa," na dereva naye akatia sahihi. Mifuko hiyo tuliiweka kando. Kama tungeitumia hata kwa sakafu ya choo, tungehesabiwa kuwa tumeikubali.

Kisha tulimwandikia muuzaji barua kabla ya tarehe ya mwisho ya malipo. Tulitaja namba ya ankara, kila kipengele tunachobishia na sababu yake, tukaongeza: "Tunalipa shilingi 3,840,000 kwa sehemu tusiyoibishia ya ankara hii. Malipo haya si kukubali salio la 460,000, na haki yetu ya kulipinga inabaki." Namba ya ankara ni muhimu hasa mkiwa na madeni mengine kwake, ili malipo yasipelekwe kwingine.

Stakabadhi nayo isomwe kabla ya kuipokea. Ionyeshe kiasi kilicholipwa na namba ya ankara tu. Msitie sahihi karatasi yoyote inayosema mnakubali kudaiwa salio.

Njia hii ina mpaka wake. Someni mkataba kwanza: ukisema mnunuzi alipe yote ndipo alalamike, au alalamike ndani ya siku kadhaa, masharti hayo yatawabana. Na kubisha si kushinda. Muuzaji anaweza kudai salio, hivyo fedha hiyo isitumiwe kwa kazi nyingine.

Kwetu muuzaji alikuja, akaiona mifuko, akatoa ankara mpya bila ya hiyo 360,000. Kuhusu usafiri alituonyesha ujumbe ambamo mwenzetu mmoja alikubali nyongeza. Tulilipa ile 100,000. Katika taarifa kwa wafadhili tulionyesha shilingi 3,940,000, pamoja na barua na ankara zote mbili.