Kuelewa Majibu ya CT ya Kifua: Ukungu wa Kioo na Mgando wa Pafu

Mtumiaji wa huduma za afya anayepigwa CT ya kifua hukabidhiwa bahasha ya picha pamoja na karatasi ya majibu iliyoandikwa kwa Kiingereza. Tangu mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 atangazwe nchini Machi 16, 2020, karatasi hizo zimekuwa zikitaja mara nyingi hali inayofananishwa na kioo kilichosagwa. Wapo wanaodhani kwamba kuna chembe za kioo kifuani. Tunaeleza hapa maana yake, na namna inavyotofautiana na nimonia iliyojaza pande zima la pafu.

Pafu lenye afya limejaa hewa, kwa hiyo katika picha huonekana jeusi, huku mishipa ya damu ikipita ndani yake kama matawi meupe. Virusi vinapolishambulia, kuta za vifuko vya hewa hunenepa na majimaji kidogo huingia ndani, lakini hewa nyingine hubaki. Weusi hugeuka kijivu. Ni sawa na kutazama mti wa uani kupitia kioo cha ukungu cha dirisha la bafuni: mwanga umefifia, lakini matawi bado yanaonekana. Hiyo ndiyo alama ya kwanza anayoitafuta daktari bingwa wa radiolojia. Mishipa ikionekana kupitia kijivu hicho, huo ni ukungu wa kioo.

Katika mgando, vifuko vimejaa usaha na majimaji kiasi kwamba hewa imetoka kabisa. Eneo huwa jeupe zito na mishipa hupotea ndani yake. Mara nyingi vijia vya hewa tu ndivyo hubaki vikionekana, kama mistari myeusi katikati ya weupe.

Tuchukue mfano wa wagonjwa wawili. Wa kwanza ni mwanamume wa Mbagala, Wilaya ya Temeke, aliye katika siku ya 8 ya homa na kikohozi kikavu. Oksijeni iliyopimwa kidoleni ni asilimia 88. CT yaonesha mabaka ya kijivu katika mapafu yote mawili, hasa pembeni, nyuma na chini, na mishipa yaonekana ndani yake. Wa pili ni mama wa Tandale, Kinondoni, aliyeanza ghafla kwa kutetemeka, maumivu ya ubavu na makohozi ya rangi ya kutu. Pande la chini la pafu la kulia ni jeupe lote, na weupe umekoma penye mpaka wa pande hilo. Sura ya kwanza yaelekea UVIKO-19. Ya pili yaelekea bakteria, hususan nyumokokasi, ambaye hutibiwa kwa antibiotiki. Kwa mama huyu, eksirei ya kawaida ingeweza kutosha, nayo ina mionzi michache mno kuliko CT. Ukungu hafifu, kwa upande wake, eksirei huweza kuukosa.

Hata hivyo, tunamtahadharisha msomaji asijipe jina la ugonjwa kwa picha peke yake. Ukungu wa kioo huletwa pia na majimaji ya moyo ulioshindwa kusukuma damu, na damu iliyovuja ndani ya pafu, na nimonia ya fangasi inayowapata watu wenye VVU ambao kinga yao imeshuka. Mgando nao waweza kuwa kifua kikuu, ambacho huthibitishwa kwa kupima makohozi. Isitoshe, katika siku za mwanzo za UVIKO-19 CT yaweza kuwa safi kabisa, na ukungu ule ule waweza kugeuka mgando ugonjwa unapozidi. Ndiyo maana mwezi Juni 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba penye kipimo cha maabara cha vinasaba kinachotoa majibu kwa wakati, picha ya kifua isitumike kuthibitisha ugonjwa huo.

Upigaji wenyewe nao huweza kudanganya. Mgonjwa asipovuta pumzi na kuishikilia, pafu husinyaa na kuonekana kijivu pasipo ugonjwa. Aliyelala chali huweza kuwa na kivuli nyuma kwa sababu ya uzito wa pafu lenyewe. Akipigwa tena akiwa kifudifudi, kivuli hicho huondoka. Kwa hiyo fuata agizo la pumzi, na kama kikohozi kinakuzuia, mwambie mtaalamu kabla mashine haijaanza.

Tunashauri pia uombe picha katika sidii, kwa mfumo wa DICOM. Picha ya filamu iliyopigwa kwa simu dhidi ya dirisha hupoteza kijivu hafifu, nacho ndicho hasa daktari wa pili atakachohitaji kukiona.