Andika Ulichokiona, Usiandike Unachokishuku

Wadogo zangu, leo naomba tukae na barua moja tu. Mwenye barua ana hadi kesho asubuhi kukabidhi ripoti, na najua wengi wenu mnaofanya kazi za zamu huku Nakuru, Njoro, Naivasha hadi Molo mtafika alipofika yeye.

Ni mpokeaji wa maziwa kwenye kituo cha kupozea cha ushirika mmoja upande wa Molo. Jumanne aliingia zamu saa tano asubuhi, mwenzake wa alfajiri akiwa ameshatoka. Mchana lori la kiwanda lilikuja kuchukua maziwa, dereva akapima sampuli ya tangi, akayakataa yote, lita 1,800. Meneja anataka ripoti. Binti wa watu akaandika hivi: "Mwenzangu wa asubuhi ni mzembe. Hakupima maziwa ya njia ya Mau Summit kwa sababu alikuwa na haraka ya kuondoka, ndiyo maana tangi zima limeharibika."

Mdogo wangu, nimeisoma mara mbili. Kwamba ni mzembe, kwamba hakupima, kwamba alikuwa na haraka, kwamba hayo ndiyo yaliyoharibu tangi: katika yote hayo hakuna hata moja uliloliona kwa macho yako. Ulikuwa hujafika.

Sasa tuliangalie lile ulilolikuta. Daftari la mapokezi lina safu ya laktometa na safu ya kipimo cha alkoholi. Kwa wasiokijua kipimo hiki: unachukua mililita 2 za maziwa, unatia mililita 2 za alkoholi kwenye kichupa chembamba cha kioo, unatikisa taratibu. Maziwa mazuri hubaki laini. Yaliyoanza kuchacha huacha chembechembe kwenye kioo, na mtungi huo unarudishwa. Katika daftari lako, mitungi 4 ya njia ile ina usomaji wa laktometa, lakini safu ya alkoholi haina kitu. Hilo ndilo unalolijua. Huenda hakupima. Huenda alipima akasahau kuandika, huku bodaboda zimepanga foleni na kila mtu anataka mtungi wake upimwe kwanza. Daftari halikuambii ni lipi kati ya hayo.

Halafu kuna ule ujumbe wako wa pili, ulioniandikia kama jambo dogo: kwamba ulipofungua kabati, chupa ya alkoholi ilikuwa tupu. Unasema hukuiweka kwenye ripoti kwa kuwa ingeonekana unamtetea. Iweke. Pengine ndilo jambo lenye manufaa kuliko yote, maana kama alkoholi iliisha kabla ya mitungi ile kufika, swali la meneja linahama kutoka kwa mtu na kwenda kwa anayeagiza vifaa. Ukiliacha nje kwa sababu linampunguzia mwenzako lawama, utakuwa umelaumu kwa kunyamaza.

Kuna pia la baridi. Unasema ulipoingia tangi lilisoma nyuzi 9. Mtungi wa mwisho ulimiminwa saa moja na robo asubuhi, na baada ya zaidi ya saa tatu maziwa yalipaswa kuwa yameshuka hadi nyuzi 4 hivi. Maziwa yanayokaa kwenye nyuzi 9 huendelea kuchacha, hata kama kila mtungi ulipimwa ukapita. Kwa hiyo tangi linaweza kuwa limeharibiwa na mitungi ile, au na mashine, au na vyote viwili. Na hapa nakuuliza kama dada: ulipoona nyuzi 9, ulifanya nini? Umenijibu kwamba ulimpigia fundi simu saa tano unusu, hakushika, ukaendelea na kazi. Basi hilo nalo liandikwe. Ripoti inayotaja pengo la mwenzako na kuruka la kwako, meneja ataijua tu.

Mimi ningeiandika hivi:

"Jumanne niliingia zamu saa 5:00 asubuhi. Saa 5:05 kipimajoto cha tangi kilisoma nyuzi 9. Daftari la mapokezi linaonyesha mitungi 4 ya njia ya Mau Summit, iliyopokewa kati ya saa 12:40 na saa 1:15 asubuhi. Usomaji wa laktometa umejazwa. Safu ya alkoholi haijajazwa kwa mitungi hiyo 4, mingine yote imejazwa. Saa 5:20 nilikuta chupa ya alkoholi kabatini ikiwa tupu. Saa 5:30 nilimpigia fundi kuhusu baridi ya tangi, hakupokea, sikupiga tena. Saa 8:10 mchana dereva alipima sampuli ya tangi mbele yangu, ikaonyesha chembechembe, akakataa lita 1,800. Sijui kama mitungi 4 ilipimwa, wala alkoholi iliisha saa ngapi. Sahihi ya zamu ya asubuhi iko kwenye ukurasa huo wa daftari."

Hakuna aliyefichwa hapo. Sahihi inamwonyesha meneja nani wa kumuuliza. Kuacha lawama si kuacha ukweli. Kama ungemwona kwa macho yako mtu akimimina maji kwenye mtungi, ungeandika hivyo hivyo: nilimwona akimimina maji, saa fulani, mtungi fulani.

Kwa nini nayashikilia maneno haya namna hii? Kwa sababu ya sheria. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 44, inataja kupuuza kazi kwa makusudi, au kuifanya kwa uzembe kazi iliyohitaji uangalifu, miongoni mwa mambo yanayoweza kumfukuzisha mtu papo hapo. Kifungu cha 19 nacho kinamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa kiasi cha haki kufidia hasara, ikiwa imetokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Kwa hiyo ukiandika "mzembe" au "alipuuza tu," umeshamhukumu mwenzako kwa maneno yenye uzito wa kisheria. Kuamua kama ni uzembe ni kazi ya meneja, na hata yeye hana ruhusa ya kuamua peke yake: kifungu cha 41 kinamtaka amweleze mfanyakazi sababu na amsikilize, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua, kabla ya kumwachisha kazi kwa kosa la namna hiyo. Ripoti yako iwaachie nafasi hiyo.

Kabla ya kuikabidhi, mpigie mwenzako simu. Usimpigie kupanga naye hadithi, wala kumwomba ruhusa. Mwambie tu: "Nimeombwa ripoti ya jana, nimeandika kwamba safu ya alkoholi haijajazwa kwa mitungi minne, na kwamba chupa ilikuwa tupu." Akikueleza jambo, liandike kama alivyolisema: "Ameniambia kwamba..." Hilo ulilisikia, hukuliona, na msomaji aone tofauti hiyo. Daftari usiliguse, wala usikubali aje kujaza ile safu leo.

Jambo moja la haraka kwa wengine wote: maziwa yakiwa bado yako tangini na lori liko njiani, usikae kuandika. Piga simu kwa msimamizi kwanza, karatasi ifuate.

Na wewe wa Molo, meneja akikuuliza ana kwa ana, "Kwani ni kosa la nani?" mjibu kwa heshima: "Mzee, nimeandika nilichokikuta, mwenzangu wa asubuhi ndiye aliyekuwepo, tafadhali muulize." Tia sahihi na saa, baki na nakala yako, uipeleke kesho kabla zamu haijaanza.