Rafiki na Adui Kandokando ya Ruvuma: Dhana ya Utambulisho katika Uhusiano wa Kimataifa

Mto Ruvuma huanzia katika milima ya Matogoro, karibu na mji wa Songea, kisha huwa mpaka wa Tanzania na Msumbiji hadi baharini. Kati ya mwaka 1962 na 1975 mto huo haukuhama. Kilichobadilika ni maana ya ng'ambo yake.

Wanadharia wa uhalisia hudai kwamba dola huogopa nguvu: palipo na silaha nyingi pana tishio. Nadharia ya ujenzi wa kijamii, iliyofafanuliwa na Alexander Wendt katika makala yake ya mwaka 1992, hushikilia kwamba silaha hazijisemei. Dola hutazama kwanza nani anazishika, na jibu la "nani" hutokana na jinsi inavyojitambua yenyewe.

Chukua hali ya Ruvuma. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962, ikaanza vita Septemba 1964. Tanzania, dola changa yenye jeshi dogo, iliwaruhusu wageni wenye silaha kufanya mazoezi katika ardhi yake, Nachingwea ikiwa mojawapo ya kambi. Kwa hesabu ya nguvu peke yake, uamuzi huo ni wa ajabu, kwani ulimchokoza Mreno, mwanachama wa NATO. Mtu anaweza kujibu kuwa Mreno alikuwa hatari kweli. Ni sawa, lakini mfuatano wa matukio ni muhimu: mapokezi yalitangulia, hatari mpakani ikafuata. Tanganyika ilikwisha kujitambua kuwa sehemu ya Afrika isiyo huru bado, hivyo mpigania uhuru alikuwa ndugu. Baada ya Juni 1975 jeshi la FRELIMO, lililokomazwa na miaka kumi ya vita, lilishika ng'ambo yote ya mto, wala Songea haikuingiwa na hofu.

Malawi ilipakana na Mreno yuleyule. Hata hivyo, Rais Banda alishirikiana naye, na mwaka 1967 akafungua uhusiano wa kibalozi na Afrika Kusini ya makaburu. Undugu wa damu haukuzuia uhasama kati yake na Tanzania, ingawa Wangoni wako Songea na wako Malawi pia. Hapa, hata hivyo, nadharia yafikia kikomo chake: Malawi haina pwani, na mizigo yake ilipitia bandari za Msumbiji. Utambulisho peke yake hauelezi uchaguzi wa Banda. Tumbo nalo lilikuwa na sauti.

Mgogoro wa mpaka wa Ziwa Nyasa waonyesha jambo hilohilo kwa upande mwingine. Mkataba unaobishaniwa ni uleule wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890. Katika miaka ya 1967 na 1968 ubishi huo ulisomwa kama dalili ya uadui. Ulipozuka tena mwaka 2012, ulipelekwa mbele ya jopo la marais wastaafu wa Afrika, likiongozwa na Joaquim Chissano, aliyepata kuwa mpiganaji wa FRELIMO uhamishoni Tanzania.