ELIMU KWA UMMA: UNDUGU NA KUJUANA KATIKA AJIRA ZA UMMA

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Ibara ya 22(2), inampa kila raia fursa na haki sawa ya kushika nafasi ya kazi iliyo chini ya mamlaka ya nchi. Haki hiyo huvunjwa kwa njia mbili zinazofanana, ambazo wananchi wengi huzichanganya.

Njia ya kwanza ni upendeleo wa kindugu, ambao mitaani huitwa "undugunaizesheni". Hapa mwenye mamlaka ya kuajiri humpa nafasi mtoto, mpwa, shemeji au mkwe wake kwa sababu ya udugu huo. Njia ya pili ni kujuana. Hapa hakuna damu wala ndoa, bali kuna urafiki, kusoma pamoja, biashara ya pamoja au fadhila inayolipwa. Kimemo kinachosema "huyu ni kijana wetu, msaidie" ni mfano wake ulio wazi. Kujuana ni kugumu zaidi kukugundua, kwa kuwa majina ya ukoo hayafanani.

Ikumbukwe kwamba kuwa na ndugu serikalini si kosa. Mtoto wa mtumishi ana haki ya kuomba kazi kama mtoto wa mkulima. Kosa huanza pale udugu unapochukua nafasi ya sifa, au pale ndugu anapokaa katika kiti cha kumpima ndugu yake.

Mfano wa usaili

Tuchukue nafasi ya Mtendaji wa Kijiji. Tuseme waombaji wawili, wote wenye sifa zilizotajwa katika tangazo, wamevuka usaili wa kuandika na kuitwa katika usaili wa mahojiano. Mmoja ni binti wa mkulima. Mwingine ni kijana ambaye mjomba wake ni mmoja wa wajumbe watatu wa jopo la usaili.

Wajumbe wawili wasio na uhusiano na yeyote wanampa binti alama 70 na 72, na kijana alama 58 na 60. Mjomba anampa binti 35 na mpwa wake 95. Wastani wa binti unakuwa 59, na wa kijana 71. Kijana anapata kazi. Lau mjomba asingekuwamo, wastani wa binti ungekuwa 71 na wa kijana 59. Mtu mmoja, kwa kalamu moja, amegeuza matokeo yote, na hakuna shilingi iliyobadilishana mikono.

Mjomba huyo alipaswa kufanya jambo moja kabla ya usaili kuanza: kutamka uhusiano wake na kujiondoa katika jopo. Huo ndio utaratibu wa kuepuka mgongano wa maslahi. Mjumbe ambaye ni rafiki wa baba wa mwombaji naye anapaswa kufanya vivyo hivyo.

Hasara ya binti ni ya wazi, lakini kijiji nacho hupoteza. Mtendaji ndiye katibu wa halmashauri ya kijiji, na kupitia ofisi yake mkutano mkuu hupata taarifa ya mapato na matumizi. Taarifa hiyo ikiwa na kasoro, mjomba aliyemwingiza kazini huona haya kumhoji, kwa kuwa kumhoji mpwa ni kujihoji mwenyewe.

Dalili za kuangalia

Upendeleo huacha nyayo. Tangazo hubandikwa siku chache tu kabla ya mwisho wa maombi, ilhali wachache wanalijua mapema. Sifa huandikwa kwa namna inayomfaa mtu mmoja tu. Mjumbe mmoja hutoa alama zilizo mbali mno na za wenzake, kama ilivyokuwa katika mfano wetu. Au mtu huingizwa kwa kibarua cha muda bila tangazo, kisha nafasi ya kudumu ikitangazwa, uzoefu wa kibarua hicho unakuwa sharti.

Hata hivyo, dalili si ushahidi. Majina kufanana hakuthibitishi upendeleo, na aliyekosa kazi hakuonewa kwa sababu tu amekosa.

Mwananchi mwenye shaka atunze nakala ya tangazo, maombi yake na ujumbe wa kuitwa au kukataliwa. Kisha amwandikie Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, akitaja nafasi, tarehe na uhusiano anaoutilia shaka, bila kashfa. Matumizi mabaya ya mamlaka ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Hivyo taarifa inaweza pia kupelekwa TAKUKURU kwa simu ya bure namba 113.