Umejiandikisha Semina, Sasa Huwezi Kwenda?

Ndugu mkimbizi, tuseme umejiandikisha semina ya ushonaji itakayoanza Jumatatu, ukatoa mchango wa kitambaa, kisha mtoto akaugua. Usinyamaze. Nenda mapema kwa mratibu na stakabadhi yako, umwombe akate jina lako ukiona. Ataitwa wa kwanza katika orodha ya akiba. Usimpe mdogo wako kadi yako aende kimyakimya: jina lisipolingana na sura, atarudishwa mlangoni na kiti kitakaa kitupu. Uliza kwanza kama aweza kuandikwa badala yako. Kuhusu mchango, uliza kama kitambaa kimekwisha kununuliwa. Kama bado, omba urudishiwe fedha. Kama tayari, anayechukua nafasi akulipe mbele ya mratibu, nawe umkabidhi stakabadhi.