Mkojo Unaochoma kwa Mama Asiyekwenda Tena Mwezini

Mama wapendwa, wewe unayekuja kupimisha mtoto kila mwezi, pengine utasema: «Somo hili si langu, mimi ningali ninazaa.» Lakini nyumbani unaye mama yako, ama mama mkwe, ama shangazi. Yeye haji ku kliniki, kwa sababu hakuna anayemwita, na taabu yake haambii watoto, anaona haya. Soma kwa ajili yake, kisha umwelezee.

Tuanze na mama mmoja aliyefika kwetu. Alikuwa na miaka 58, na damu ya mwezi ilikatika tangu miaka 7. Kazi yake ni kuuza unga wa mihogo sokoni. Aliketi, akangoja mpaka wanafunzi wawili wametoka, halafu akasema: «Mama Munganga, nimechoka na hii mambo. Mkojo unanichoma kama pilipili. Nakunywa dawa, napona, mwezi haujaisha inarudi tena. Bwana yangu anasema ni ugonjwa nilileta kutoka sokoni.»

Tulitazama karatasi zake. Kwa mwaka mmoja alitunzwa mara 4. Mara mbili mkojo wake ulipimwa na mikrobi wakaonekana. Mara mbili nyingine alinunua vidonge sita sita kwa mchuuzi, pasipo kipimo. Tena, hata katikati ya magonjwa hayo hakuwa mzima. Usiku aliamka mara 4 kwenda kukojoa. Kumtembelea binti yake katika mji mwingine aliacha, kwani mara ya mwisho alisimamisha gari mara tatu njiani, na wasafiri wakamcheka. Kulala na bwana yake kulimuumiza kama kidonda.

Tulipomchunguza hatukuona kidonda wala usaha. Tuliona ngozi ya uke imekuwa nyembamba, nyeupe kidogo, kavu, inayotoa damu ukiigusa kwa pamba. Hapo ndipo chanzo cha mambo yote.

Mwili wa mwanamke, katika vifuko vya mayai, unatengeneza kitu kinachoitwa estrojeni. Watu wengi wanafikiri kazi yake ni kuleta damu ya mwezi tu. Sivyo. Ngozi ya uke, njia ya mkojo, hata upande wa chini wa kibofu, vyote vinaitegemea estrojeni ili viwe laini, vinene na vyenye maji. Mama akifika miaka 45 mpaka 55, vifuko vile vinapumzika na estrojeni inapunguka sana. Ngozi inakuwa kavu na kuchanika upesi. Kwa hiyo mama anaweza kusikia kuchoma, na haja ya kukojoa kila saa, hata kama mikrobi hakuna kabisa katika mkojo wake.

Na mikrobi wanaingia namna gani? Unajua mihogo tunayolowesha katika maji. Baada ya siku tatu maji yale yanachacha. Wanaoyachachisha ni mikrobi wadogo wasioonekana kwa macho: wanakula sukari ya muhogo na kutoa ukali. Katika ukali ule mikrobi wengi wa kuozesha hawawezi kuishi vizuri. Basi katika uke wa mama kijana wanakaa mikrobi wazuri, ndugu za wale wa mihogo. Wanakula sukari iliyo katika ngozi ya uke, wanatoa ukali, na ukali ule ni kama mlinzi wa mlango.

Lakini anayeweka sukari ile katika ngozi ni estrojeni. Estrojeni ikipunguka, sukari inapunguka, mikrobi wazuri wanakufa njaa, na ukali unaisha. Mlinzi ameondoka. Mikrobi wa choo kubwa, zaidi yule anayeitwa kolibasili, wanakuja kukaa pale. Mlango wa mkojo ni karibu sana, na njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, kadiri ya sentimita 4 tu. Wanapanda mpaka kibofu. Antibiotiki inawaua waliomo kibofuni, lakini mlango unabaki wazi, na wengine wanapanda tena.

Ndiyo sababu tulimwita bwana wa yule mama na kumwelezea mihogo hii hii. Ugonjwa huu hautoki kwa mwanaume mwingine. Mikrobi wanatoka katika mwili wa mama mwenyewe. (Mama mwenye kunyonyesha naye estrojeni yake iko chini. Ukisikia ukavu miezi ile, usishangae. Kwa kawaida inapita yenyewe damu ya mwezi ikirudi.)

Kabla ya dawa tunapashwa kujua vizuri ni jambo gani. Mkojo upimwe. Nawa kwanza kwa maji, acha mkojo wa mwanzo uende chini, halafu kinga ule wa katikati katika kikopo safi. Mkojo ukichoma na mikrobi wakionekana, tunatunza kwa antibiotiki. Ukichoma na mikrobi hakuna, antibiotiki haina kazi. Ni ukavu ule, ama jambo lingine la kutafuta. Na hili linawashangaza hata wauguzi: mama mzee anaweza kuwa na mikrobi katika mkojo bila kusikia kitu chochote. Huyo hatumpi antibiotiki. Hazimsaidii, zinafundisha mikrobi kuzoea dawa.

Tunasema ugonjwa unarudirudi mama akiupata mara 2 katika miezi sita, ama mara 3 katika mwaka. Hapo tunapima pia sukari ya damu, tunatazama kama kizazi kimeshuka na kuzuia mkojo kutoka wote, na tunauliza juu ya mawe. Mkojo wenye damu tunautafutia bilharzia kwa wale wanaotoka sehemu zenye ugonjwa ule. Mama yetu hakuwa na hata moja ya mambo hayo.

Siku ile mikrobi walikuwamo, basi kwanza tulimpa nitrofurantoini siku 5. Baadaye tukaanza dawa ya kurudisha mlinzi: krema ya estrioli, ambayo ni aina moja ya estrojeni. Inaingizwa katika uke kwa bomba ndogo ya plastiki isiyo na ncha. Kipimo kimoja kina estrioli miligramu 0.5. Mama ananawa mikono, anajaza bomba mpaka alama, analala chali, anakunja magoti, anaingiza pole pole, anasukuma, kisha analala usingizi. Bomba inaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Alifanya hivi kila usiku kwa wiki mbili. Halafu mara mbili tu kwa wiki: yeye alichagua siku ya Jumatano na ya Jumamosi, akaweka alama katika kalenda ukutani. Kuna pia ovuli za estrioli, zinazoingizwa kwa kidole. Kazi ni moja.

Siku za kwanza ilimwasha kidogo. Tulikuwa tumemwambia mbele, basi hakuacha. Ngozi haioti upya kwa siku tatu. Wiki ya nne akalala na kuamka mara mbili tu. Wiki ya nane kuchoma kulikwisha, na kulala na bwana yake hakukumuumiza tena. Katika miezi minane iliyofuata aliugua mkojo mara moja tu.

Huyu si mama mmoja mwenye bahati. Mwaka 1993 waganga Raz na Stamm waliandika habari za mama 93 katika nchi ya Israeli, wote wenye ugonjwa huu unaorudirudi. Wengine walipewa krema ya estrioli, wengine krema isiyo na dawa, miezi minane. Wale wasio na dawa waliugua kwa kadiri ya mara 6 katika mwaka. Wale wa estrioli, kwa kadiri ya mara moja katika miaka miwili. Baada ya mwezi mmoja mikrobi wazuri walikuwa wamerudi kwa mama 6 katika kila 10 waliotumia estrioli. Kwa wale wengine, hakuna hata mmoja.

Sasa makosa tunayoyaona. La kwanza, mama anapaka inje tu, kama mafuta ya ngozi. La pili, anapona na kuacha. Vifuko vya mayai havitaanza kazi tena, basi ukiacha dawa ukavu unarudi baada ya wiki ama miezi, na mikrobi nyuma yake. La tatu, anaendelea kujiosha ndani kwa sabuni, chumvi ama majani makali. Hapo anafukuza kwa asubuhi wale mikrobi wazuri aliowaita usiku. Osha inje tu, kwa maji. La nne ni la farmasi: krema ya estrioli haipatikani kila pahali, na mwuzaji anaweza kukupa ovuli ya kuvu, nistatini ama klotrimazoli, akisema ni sawasawa. Si sawasawa. Soma jina juu ya sanduku, tena usipokee krema ya kung'arisha ngozi. Wala usimeze vidonge vya kupanga uzazi ukifikiri estrojeni ni estrojeni. Ya kumeza haikuonekana kupunguza magonjwa haya ya mkojo, na inaweza kugandisha damu katika mishipa.

Wengine wanasoma karatasi iliyo ndani ya sanduku, wanaona neno kansa, wanatupa dawa. Maonyo yale mengi yalitokana na estrojeni ya kumeza, inayozunguka mwili wote. Hii ya uke ni kidogo sana, na karibu yote inabaki pahali pake. Mama wengi wenye kuitumia wamefuatiliwa miaka, na hawakuonekana kupata kansa kupita wengine. Hata hivyo, mama aliyeugua kansa ya titi asianze bila kusema na munganga wake. Na mama ambaye damu inamtoka ukeni baada ya mwaka mzima bila mwezi, hata tone moja, hapewi krema. Anachunguzwa kwanza, kwani damu ile inaweza kuwa mwanzo wa kansa ya kizazi.

Dawa hii pia haizibi mkojo unaotoka wenyewe mchana na usiku tangu uzazi mgumu. Hiyo ni fistula, inatengenezwa kwa kupasuliwa. Kwa mkojo unaoruka wakati wa kukohoa, inasaidia kidogo tu. Na mkojo ukichoma pamoja na homa, kutetemeka, kutapika, ama maumivu ya mgongo chini ya mbavu, mikrobi wamefika kwenye figo. Siku ile ile aletwe ku hospitali, asingoje Jumatano ya krema.

Yule mama anarudi kwetu kila miezi sita kuonyesha kalenda yake. Mara ya mwisho alichelewa wiki mbili. Alikuwa amekwenda kwa binti yake.